Mimi Mwanza wewe Hamburg: kwa nini Jumapili zetu zinahitaji gemu la bomu, na jinsi ya kulicheza

Mwanangu mambo, najua nilikwambia nitakutumia juzi jibu la gemu gani tucheze Jumapili ila umeme wa huku Pasiansi unajua mwenyewe, sasa kaa utulie usome hii yote maana ni ndefu, usije ukaniuliza tena vitu ambavyo nishaandika.

Tangu uondoke tumejaribu magemu mangapi? Lile la mpira tulicheza wiki tatu na kila wiki ni ugomvi ule ule, wewe unaona umepiga goli mimi kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja, alafu lile la risasi ndo usiseme, nakufa kabla sijamuona mtu. Nikakaa nikafikiria, tatizo sio bando wala simu yangu. Magemu yale yote yanataka simu yako na yangu zikubaliane kila sekunde mpira uko wapi, na kati ya ziwa letu na huko kwenu hilo halitokei. Kwa hiyo nimetafuta gemu ambalo linachopitisha kwenye neti ni sauti zetu tu basi. Linaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, limetengenezwa na Steel Crate Games, ni wa Kanada, limetoka 2015 kwenye kompyuta na 2019 likaja kwenye simu.

Liko hivi. Mmoja ana bomu mbele yake kwenye skrini, lina viboksi vyenye waya, vitufe na maajabu mengine, na saa inarudi nyuma. Huyo haoni kitabu cha maelekezo. Mwingine ana kitabu ila haoni bomu. Mnaongea mpaka liteguliwe au liwalipukie, kwa maana kwamba mwenye bomu anaeleza anachoona, mwenye kitabu anamwambia afanye nini. Saa inahesabu kwako tu, hakuna chochote cha kusawazisha na simu yangu, yaani gemu halijui hata kama mimi nipo. Ningeweza kuwa nakusomea kwa simu ya kawaida ya kitochi na lingeenda vizuri tu.

Na jambo la pili, anayenunua ni mmoja. Kitabu ni bure, kipo bombmanual.com, na sheria yenyewe ni kwamba mwenye kitabu asione skrini, kwa hiyo hata video hatuhitaji, tunapiga sauti tu ya wasapu na bando langu linapona.

Hatua ya kwanza ni kugawana kazi. Wewe utakata, mimi nitasoma. Una laptopu, una neti ya kueleweka, nunua kwenye Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, subiri siku wakipunguza bei kama hauna haraka. Mimi nadaunlodi kitabu na kwenda kukiprinti. Ndio, kuprinti, usicheke. Ni kurasa 23, nitaenda steshenari ya pale karibu na stendi. Sababu ni kwamba ukikisoma kwenye simu ile ile unayoongelea, unakuwa unazumu, unarudi nyuma, simu inapata moto, chaji inaisha na dakika tano za bomu zimepita. Karatasi unatandaza mezani, kila kiboksi ukurasa wake, na umeme ukikatika nawasha taa ya sola naendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe usifungue hiyo saiti kabisa. Ukisoma hata ukurasa mmoja utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Kabla ya chochote hakikisha tunasoma kitabu kimoja. Kwenye kitabu pameandikwa Version 1 na Verification Code: 241, na gemu lenyewe linakuonyesha toleo linalotakiwa, nitajie nilinganishe. Alafu acha lugha ya gemu kwenye Kiingereza. Saiti ina vitabu vya lugha nyingine, ila ukiweka gemu Kijerumani ili ujifanye umeshakuwa mwenyeji na mimi nina kitabu cha Kiingereza, viboksi vya maneno vyote havitalingana na tutalipuka bila kujua kwa nini.

Hatua ya pili ndiyo nimeitolea jasho, nayo ni maneno yetu. Nililicheza hapa nyumbani na mdogo wangu, yeye sebuleni na mimi chumbani tunapigiana simu kabisa ili nijue neti inaharibu wapi, na nikagundua Kiswahili kina mtego mmoja na zawadi moja.

Mtego ni rangi. Waya za kwenye bomu ni nyekundu, nyeupe, nyeusi, bluu na njano. Hebu zitamke hizo tatu za mwanzo kwenye simu inayokwaruza, unasikia "nye..." alafu neti inameza mkia. Dogo alisema nyeusi nikasikia nyeupe, tukakata waya siyo. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna nyekundu, kuna nyanya. Nyeupe ni maziwa. Nyeusi ni mkaa. Njano ni ndizi. Bluu acha iwe bluu maana haifanani na kitu. Vile vile tatu na tano, hizo zinafanana kwenye simu mbovu kuliko unavyodhani, kwa hiyo nikikwambia kata ya tatu, unarudia "ya tatu, moja mbili tatu, kutoka juu" mimi nasema "kata" ndo unakata. Bila kusikia neno kata haukati. Inachukua sekunde tatu nne na inaokoa bomu zima.

Zawadi sasa. Kuna kiboksi kinaitwa Who's on First, ndicho kinachowaua Wazungu. Kina skrini juu yenye neno moja na chini vitufe sita vyenye maneno. Unaniambia neno la juu, kitabu kinanipa nafasi ya kitufe cha kusoma, mfano katikati kushoto, unanisomea neno la pale, mimi naangalia orodha ya neno hilo, nakusomea moja moja kuanzia mwanzo, na la kwanza utakalolikuta kwenye vitufe vyako ndilo unabonyeza. Mara tatu hivyo. Shida yake ni kwamba maneno yenyewe ni YES, NO, OKAY, WAIT, WHAT, READY, NOTHING, BLANK, na wakati mwingine skrini iko tupu kabisa haina neno. Mzungu akisema kwa Kiingereza skrini haina kitu, mwenzake anatafuta neno NOTHING kwenye kitabu. Akisema okay kwa maana ya sawa, mwenzake anadhani ni neno la kwenye bomu. Sisi tunaongea Kiswahili! Skrini ikiwa tupu unasema "tupu" na hakuna mtu anayechanganyikiwa. Kwa hiyo sheria ni moja, Kiingereza ni cha vitu vilivyoandikwa kwenye bomu tu, mengine yote ni sawa, ndiyo, hapana, subiri, nini. Najua umezoea kuchanganya ila siku hiyo ukiniambia "okay" mimi nabonyezesha OKAY, shauri yako.

Ila hapo hapo pana shimo letu watu wa Kanda ya Ziwa. Kwenye orodha ya hayo maneno ya juu kuna LED na RED, kuna LEAD na READ, kuna LEED na REED. Umeona? L na R tupu! Mimi nishakusikia ukisema "karamu" ukimaanisha kalamu, na mimi mwenyewe nikikasirika siko salama. LED inapeleka kusoma katikati kushoto, RED inapeleka katikati kulia, kwa hiyo ukiteleza ulimi tunasoma kitufe kingine kabisa. Hivyo maneno yote ya kiboksi hiki tunataja herufi kwa herufi kwa vitu vya nyumbani: R ya Rorya, L ya Lamadi, E ya embe, A ya Arusha, D ya dagaa, U ya Ukerewe, Y ya Yanga (samahani najua wewe ni Simba ila Simba haianzi na Y), S ya sato, C ya Chato, O ya Oktoba. Ile alama ya juu kwenye YOU'RE tuiite koma ya juu, kwa sababu kuna YOUR, YOU'RE, YOU ARE na UR, na zikitamkwa zote ni wimbo mmoja. YOU ARE useme pia kuwa ni maneno mawili.

Kuna na kiboksi cha alama, Keypads. Unaona vitufe vinne vyenye alama za ajabu, mimi nina safu sita za alama saba saba, na zako nne zote zinapatikana kwenye safu moja tu kati ya hizo, unabonyeza kwa mpangilio wa kutoka juu kwenda chini. Majina yake tumeshayatunga na dogo, nakupa machache: lile linalofanana na mkuki wa meno matatu ni uma. Duara lenye mkia ni pipi ya kijiti. Lile kama herufi A yenye miguu mitatu ni kigoda. Zigizaga ni radi. Kile chenye nukta mbili juu na mdomo ni kicheko. Omega ni hedifoni. K mbili zilizopeana mgongo ni wagomvi. P iliyogeukia nyuma ni P kaidi. Nyota zipo mbili, ya wino na ya hewa, useme ipi maana haziko safu moja. Usinielezee kwa sentensi ndefu, "kama ka-kitu fulani hivi kamepinda", dogo alifanya hivyo dakika nzima ikapita.

Hatua ya tatu, lenyewe sasa. Nakuwekea bomu zima hapa uone linavyoenda, la mwanzo lina dakika tano na viboksi vitatu, na makosa yakifika matatu linalipuka. Kila kosa linafanya saa ikimbie zaidi, kwa hiyo kosa la kwanza sio dogo kama linavyoonekana.

Likianza tu, kabla hujagusa kiboksi chochote, ligeuze ulizunguke pembeni zote, unitajie vitu vitatu: serial, yaani namba ya utambulisho ya bomu, inaishia na namba gani, betri ngapi, na taa ndogo zenye herufi tatu ni zipi zimewaka. Tuseme umeniambia inaishia na 7, betri mbili, hakuna taa iliyowaka. Mimi naandika pembeni kwa penseli, haturudii tena. Tukiacha hili kwa baadaye ndo utasikia katikati ya presha "subiri nigeuze, subiri nigeuze".

Waya: unasema "nne, kutoka juu nyanya, bluu, nyanya, ndizi". Anza na idadi maana kitabu kimegawanywa kwa idadi, ukianza na rangi nakusubiri umalize ndo nijue ukurasa unasemaje. Kwa waya nne sheria ya kwanza ni kama nyekundu zimezidi moja na serial inaishia na namba isiyogawanyika kwa mbili, kata nyekundu ya mwisho. Nyanya ni mbili, 7 haigawanyiki, kwa hiyo ni nyanya ya chini, ambayo ni ya tatu. Unarudia, nasema kata, taa ya kijani. Ingekuwa serial inaishia na 4, sheria hiyo inaruka, ya pili inataka ya mwisho iwe njano na nyekundu zisiwepo kabisa, inaruka pia, ya tatu inataka bluu iwe moja tu, ipo moja, tungekata ya kwanza. Waya zile zile, namba ya pembeni imebadilika, jibu limehama. Ndo maana nataka hizo taarifa mwanzo. Sheria zinasomwa kutoka juu na ya kwanza inayokubali ndiyo hiyo hiyo, huendelei chini.

Kitufe kikubwa: unasema "ndizi, kimeandikwa PRESS". Neno hilo linakudanganya ubonyeze na kuachia, usifanye. Nashuka na sheria zangu, cha njano kinashikiliwa. Nasema "shikilia usiachie". Ukishikilia pembeni inatokea taa ya rangi, unaniambia "bluu". Bluu ni kwamba unaachia pale saa inapokuwa na 4 popote. Nyeupe ingekuwa 1, njano 5, na rangi nyingine yoyote 1.

Na hapa ndipo neti inaweza kutuua, nisikilize vizuri. Mimi sitakwambia "achia sasa". Sauti yangu inachelewa kufika kwako, nikisema sasa huku wewe saa yako imeshahama. Nitakwambia "achia ukiona nne", kazi ya kuangalia saa ni yako. Kama saa ni 3:12 unasubiri ifike 3:04, unaachia ukiwa peke yako. Tukishika hili, hata simu ikichelewa sekunde mbili haitusumbui, maana kitabuni sijaona amri inayotaka mimi niwahi, zote ni maelekezo ya kufuata ukiwa tayari.

Alama: "uma, nyota ya wino, kicheko, P kaidi". Naenda safu ya tano, juu kabisa uma, inafuata kicheko, chini kidogo P kaidi, mwisho nyota ya wino. Unabonyeza kwa mpangilio huo na bomu limekufa. Hapo dakika mbili zimebaki kama hatujacheka sana.

Simu ikikatika katikati? Hiyo haihesabiki, unaanzisha upya, na gemu linachanganya waya, alama na serial upya kila ukianza kwa hiyo hakuna mtu anayepata faida. Kwenye mpira ukikatika dakika ya 80 unaumwa kichwa, hapa umepoteza dakika tatu.

Mbele kuna vigumu zaidi ila hata hivyo vimekaa vizuri kwa simu mbovu. Cha Morse kwa mfano, taa inapepesa neno na kulirudia bila kuchoka, wewe unasema tu fupi, ndefu, neti ikimeza unasubiri izunguke tena. Na huhitaji neno zima. Ukiniambia herufi ya kwanza ni fupi fupi fupi ndefu, hiyo ni V, na kwenye orodha linaloanza na V ni moja tu, vector, nakwambia weka 3.595 tunaendelea. Ila angalia kabla ya mwanzo wa neno kuna pozi refu, ukianzia katikati utanipa herufi ya tatu ukidhani ya kwanza.

Tatizo la kweli la gemu hili ni kwamba kadiri tunavyocheza mimi nitaanza kukariri kitabu, waya nadhani ndani ya mwezi mmoja nitakuwa sisomi tena. Hapo tunaongeza viboksi na kupunguza dakika kwenye Free Play, ile sehemu ya kujipangia bomu mwenyewe, na wewe kwa kuwa uko kwenye Steam kuna viboksi vya bure vilivyotengenezwa na wachezaji wenyewe, kila kimoja na karatasi yake, nitaprinti. Kwenye simu hivyo havipo. Na tatizo la pili, tukitaka kubadilishana mimi nikate wewe usome, itabidi nami ninunue la simu. Tusikimbilie huko, tuone kwanza kama tutafika mwezi bila kununiana.

Sasa muda. Jumapili saa tatu usiku huku, kwako kwa sasa ni saa moja usiku. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu mnasogeza saa zenu mbele, sisi hatusogezi, kwa hiyo kuanzia siku hiyo ni saa mbili kwako. Mwaka jana ulinisubirisha saa nzima kwa sababu ya hili, nimeweka alamu. Vaa iafoni zenye maiki, spika ya laptopu inanirudishia sauti yangu. Na mvua ikipiga bati langu nitakutumia meseji tuahirishe, maana mvua ya ziwa ikija hata mimi mwenyewe sijisikii, sembuse wewe.

Alafu tafadhali usicheze ukiwa kwenye treni. Bomu kwa Kijerumani ni Bombe, hebu fikiria mtu mweusi anapiga kelele humo ndani "nikate waya gani, zimebaki sekunde ishirini". Kaa nyumbani.

Bado N sijaipatia neno, nilitaka N ya Nansio dogo anataka N ya ndizi, ila ndizi tayari ni rangi. Chagua wewe, na nitumie kabla ya Jumapili niandike kwenye karatasi.